Mshale Ulishuka, Taa Ikakaa Kimya

Ilikuwa jioni ya mvua za Aprili, na Barabara ya Mombasa jijini Nairobi ilikuwa imeziba kuanzia Nyayo hadi mbali kuliko macho yangu yalivyoweza kufika. Nilikuwa kwenye Landrova yangu ya mwaka 1992, ile ya dizeli ya lita 2.5, nikitoka Eneo la Viwanda kwenda nyumbani upande wa Athi River. Taa kubwa zilikuwa zimewaka, waipa zinafanya kazi, feni inapuliza kioo kisijae ukungu, na mguu wangu ulikuwa kwenye breki karibu muda wote. Tulipofika Bellevue nikatupa jicho kwenye geji ya volti niliyoifunga chini ya redio. Mshale, ambao kwa kawaida husimama karibu na 14, ulikuwa umelala kidogo juu ya 12.

Nikaangalia taa ya betri kwenye dashibodi. Haikuwaka, wala hata wekundu hafifu haukuwepo. Kwa dashibodi ile, kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeona mshale ukishuka kidogo kidogo. Asubuhi ulipanda vizuri, mchana haukuwa na neno, lakini usiku taa zikiwaka ulikuwa unakaa 13.5, halafu 13.2. Nilijiambia ni geji ya bei nafuu. Jioni ile haikuwa tena suala la geji: nilipokanyaga breki mshale ulitetemeka na kushuka, na mwanga wa taa kubwa kwenye matako ya lori lililokuwa mbele yangu ulinywea pamoja nao.

Nikazima feni nikafungua dirisha kidogo, nikazima redio, na kila tuliposimama nikavuta breki ya mkono ili taa za breki zisiwake bure. Nikaiacha injini izunguke kasi kidogo kuliko kawaida. Mshale ukarudi karibu na 12.8. Nilifika nyumbani baada ya saa mbili na ushei, na taa ya betri haikuwaka hata mara moja njia nzima. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu nilikuwa nimelelewa nikiamini kwamba taa isipowaka betri inachajiwa.

Ili kuelewa kwa nini ilinyamaza, lazima ujue inavyofungwa. Kwenye magari ya aina yangu, taa hiyo ni balbu ndogo ya wati 2 hivi. Upande mmoja wa balbu unapokea umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo. Upande wa pili unakwenda kwenye alternata, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme wa gari na kuchaji betri, hadi kituo chake kidogo ambacho vitabu hukiandika D+. Unapofungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, alternata imelala, D+ haina nguvu yoyote, kwa hiyo umeme wa betri unapita kwenye balbu kuelekea huko na balbu inawaka. Umeme huo mdogo ndio unaoiamsha alternata pia, ukiingia kwenye koili inayozunguka na kuifanya sumaku. Injini ikiwaka, alternata inaanza kuzalisha, D+ inapanda hadi kulingana na betri, na balbu inazima.

Sisi wa Nairobi tuna mfano mzuri juu ya paa zetu. Chukua matangi mawili ya maji yaliyounganishwa chini kwa bomba, na ndani ya bomba kuna gurudumu dogo linalozunguka maji yakipita. Tangi moja likiwa limejaa na lingine tupu, maji yanakimbia na gurudumu linazunguka. Yote yakijaa sawasawa, gurudumu linasimama. Sasa fikiria wiki ya mgao wa maji, matangi yote mawili yameshuka hadi robo. Gurudumu linafanya nini? Limesimama vilevile, kwa sababu usawa wa maji ni mmoja pande zote mbili. Balbu ya betri ni gurudumu hilo. Inapima tofauti kati ya pande mbili, na haipimi kimo cha maji. Alternata ikidhoofika, ikatoa umeme usiotosha, volti za betri zinashuka na za D+ zinashuka pamoja nazo. Mpaka zitofautiane kwa volti kadhaa, hutaona mwanga. Tofauti ya volti 1 hutoa wekundu hafifu sana kwenye waya wa balbu, ambao mchana hauonekani kabisa.

Geji ya volti yenyewe inapima kimo. Ndiyo maana ilijua habari wiki mbili mapema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mita yangu ya mkononi, na nilipima kabla ya kugusa ufunguo. Betri ilisoma 12.1. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma 12.6 au 12.7, na 12.1 maana yake imebaki takriban nusu. Hiyo peke yake ilinieleza kuwa safari ya jana sehemu kubwa iligharimiwa na betri.

Nilifanya hesabu mezani, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo inayoeleza hali ya foleni ya usiku. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja zinakula ampea 9 hivi. Taa ndogo za mbele na nyuma, pamoja na za dashibodi, weka 3. Waipa 4, feni 8, taa za breki ukizikanyaga 3 na nusu, redio na indiketa 2. Jumla inakaribia 30. Alternata yangu imeandikwa ampea 65, lakini hizo ni za injini inayokimbia. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, alternata nzima ya aina ile inatoa labda nusu ya hapo. Maana yake hata ikiwa na afya, kwenye foleni ya mvua inatosheleza kwa shida. Ikipoteza theluthi ya nguvu zake, kama ampea 10 zinatoka kwenye betri muda wote. Barabara ya Mombasa, saa mbili, betri ya ampea-saa 80: robo ya betri imekwenda bila taa yoyote kuwaka.

Landrova ya dizeli ya zamani inastahimili hali hiyo, kwani injini ikishawaka inahitaji umeme kidogo tu wa kuishikilia wazi vali ya mafuta. Gari la petroli lenye kompyuta na pampu ya umeme halina subira hiyo. Volti zikishuka karibu na 10, kompyuta inaanza kuchanganyikiwa na gari linazima pale lilipo, mara nyingi kwenye mzunguko wa barabara.

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote nilianza na mkanda. Nilibonyeza kwa kidole gumba katikati ya upande mrefu; ulibonyea kama sentimita moja, na pande zake hazikuwa na ule mng'ao wa mkanda unaoteleza. Mkanda unaoteleza una tabia yake: unapiga kelele mara tu baada ya kuwasha au ukipita kwenye dimbwi, na ukikanyaga mafuta mshale haupandi, wakati mwingine unashuka. Wangu ulikuwa unapanda nikikanyaga.

Kisha nyaya. Hapa watu wengi hununua alternata wasiyoihitaji, kwa hiyo nitakaa kidogo. Alternata inaweza kuwa nzima kabisa, ikatoa 14.2 kwenye mgongo wake, na betri ikapata 13 tu kwa sababu ya kutu kwenye kiungo njiani. Kipimo chake ni rahisi. Washa injini, izunguke kama mizunguko 1,500 kwa dakika, washa taa kubwa na feni ili umeme mwingi upite. Weka mita kwenye volti za betri. Waya mmoja wa mita uguse boliti nene ya nyuma ya alternata, wa pili uguse nguzo chanya ya betri yenyewe, risasi ya nguzo, wala si kile kichwa cha chuma kilichobana juu yake. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Zikiwa 0.2 au 0.3, njia ni safi. Zikifika 0.5 na kuendelea, tafuta kiungo kibovu. Rudia upande wa hasi: mwili wa alternata na nguzo hasi ya betri. Hapo usikubali zaidi ya 0.2.

Mimi nilipata 0.2 upande wa chanya na 0.05 upande wa hasi. Nyaya zilikuwa nzima. Lakini volti za betri, injini ikiwa kwenye mizunguko ileile, zilikuwa 13.9 bila mzigo na 12.6 nilipowasha kila kitu. Alternata ya ampea 65 kwenye mizunguko ile haifai kushindwa na mzigo wa ampea 30. Ilipaswa kubaki juu ya 13.5. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani yake.

Nilimpelekea fundi wa waya ninayemwamini kule Grogan. Ni mzee aliyeanza kufungua dinamo kabla magari mengi hayajafungwa alternata, na wateja wote, vijana kwa watu wazima, humwita Mzee. Nikamweleza vipimo vyangu, nikamwambia kilichonishangaza zaidi ni ile taa.

"Hiyo taa itakuambia alternata ikishakufa, kijana," akasema, huku akifuta mikono. "Ikiwa ni mgonjwa tu, haina habari."

Hakuifungua mara moja. Aliniomba niwashe injini na taa kubwa, akageuza mita yake kwenye volti za umeme wa nyumbani, ule unaogeuka upande huku na huku, akaigusisha kwenye nguzo za betri. Mita ikasoma 0.9.

Maana yake inahitaji maelezo mafupi. Ndani ya alternata kuna koili tatu, na kila moja inazalisha umeme unaogeuka upande kila mara. Betri haiwezi kupokea umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo kuna sahani yenye daiodi sita kubwa, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu: tatu upande wa chanya, tatu upande wa hasi. Zote sita zikifanya kazi, mawimbi ya koili tatu yanafunika mapengo ya mwenzake na umeme unatoka karibu umenyooka. Daiodi moja ikikatika, koili moja inapoteza nusu ya njia yake, na panabaki shimo katika kila mzunguko. Nguvu inashuka, na kile kinachobaki kinatoka kikirukaruka. Mrukoruko huo ndio mita ya Mzee iliyousoma. Kwenye alternata nzima utapata kama 0.1 au 0.2. Ikipita 0.5, shuku daiodi.

Tahadhari kwa anayetaka kujaribu nyumbani: mita nyingi za bei nafuu hudanganya kwenye kipimo hiki. Pima kwanza injini ikiwa imezimwa. Ikisoma sifuri, endelea. Ikikuonyesha 25 au 28, hiyo mita haiwezi kutenganisha aina mbili za umeme na usomaji wake hapo hauna maana.

Nikakumbuka pia kwamba redio ilikuwa na mluzi siku hizo, mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Nilikuwa nimeulaumu waya wa eriali. Mzee alitikisa kichwa tu.

Ilipofunguliwa kwenye meza, daiodi moja ya upande wa hasi haikupitisha umeme upande wowote. Ukiangalia kwa karibu, mguu wake ulikuwa umeachia pale ulipochomelewa kwa risasi. Risasi ilikuwa imepauka na kupasuka kwa joto. Hilo linaeleza pia kwa nini ilianza kwa kusitasita: asubuhi ikiwa baridi mguu ulikuwa bado unagusa, alternata ikipata moto unaachia. Kwa wiki mbili mshale wangu ulikuwa ukisimulia hadithi ya kiungo kimoja kinachokufa.

Na taa je? Alternata ya aina hii ina daiodi nyingine tatu ndogo, kando na zile sita, ambazo kazi yake ni kulisha D+ tu. Hizo zilikuwa nzima. D+ iliendelea kupata volti zilezile zilizokuwa zikienda kwenye betri, nyingi au chache, na balbu haikuona tofauti. Ingekuwa moja ya hizo ndogo ndiyo imekufa, huenda ningeona wekundu hafifu usiku. Ingekuwa brashi za kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye koili inayozunguka, zimekwisha, taa ingewaka na kuzima kwenye mashimo ya barabara, na mshale ungeruka ghafla kutoka 14 hadi 12 na kurudi. Kila ugonjwa una namna yake ya kusogeza mshale, na anayeuangalia kila siku anaanza kuzitofautisha.

Mzee hakutaka kuchomelea ule mguu upya. Alisema risasi iliyoachia mahali pamoja imechoka mahali pote. Tukapata sahani nzima ya daiodi kwenye duka la Barabara ya Kirinyaga, na alipokuwa ameifungua akabadilisha na brashi, kwani zilikuwa zimebaki fupi.

Tukisubiri, alinionyesha betri kwenye kona ya kibanda ambayo mbavu zake zilikuwa zimevimba. Mwenyewe alikuwa mwendesha teksi aliyeunguliwa na balbu za mbele mara mbili ndani ya mwezi mmoja, akidhani ameuziwa balbu feki. Kila wiki aliongeza maji ya betri, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ya yai bovu. Taa ya betri haikuwaka. Mzee alipopima, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000, mita ilisoma 15.8. Regyuleta, kile kifaa kinachoiambia alternata ipunguze, kilikuwa kimekwama na hakipunguzi tena.

Huu ni upande wa pili wa mfano wa matangi, na kwa maoni yangu ndio wa hatari zaidi. Matangi yote mawili yamefurika, lakini yamefurika sawasawa, kwa hiyo gurudumu limesimama. Kwenye mfumo wa zamani wa balbu na D+, taa haina njia yoyote ya kujua kwamba umeme umezidi. Baadhi ya regyuleta za kielektroniki zilizokuja baadaye huwasha taa volti zikizidi, lakini usitegemee kabla ya kujua gari lako lina aina gani. Betri ya maji huanza kutoa gesi kwa wingi volti zikipita takriban 14.4, na gesi hiyo ina haidrojeni. Ukisikia ile harufu, zima sigara, usifungue boneti na kuanza kugusagusa vichwa vya betri, kwa sababu cheche moja inaweza kuipasua usoni pako. Mshale ukipita 15 na kukaa hapo, washa taa kubwa na feni ili kuuvuta chini kidogo, endesha polepole bila kukanyaga sana, na simamisha gari mahali salama karibu. Usisafiri nalo kwenda Nakuru kwanza ukisema utalishughulikia ukirudi.

Geji ingemwonya yule dereva tangu siku ya kwanza. Mshale uliozidi unapanda pamoja na mizunguko ya injini: ukinguruma polepole uko 14, ukikanyaga unapita 15. Alternata nzima haifanyi hivyo. Inapanda, inafika mahali, inasimama.

Kuna jambo moja la mtaani ambalo lazima nilipinge kwa nguvu. Utamkuta fundi anawasha injini, kisha anafungua kichwa cha betri huku gari linanguruma, na gari lisipozima anatangaza kwamba alternata ni nzima. Nimefanyiwa hivyo mimi mwenyewe, zamani, na nikalipa. Kipimo hicho hakionyeshi kitu: alternata yangu iliyokuwa na daiodi moja imekatika ingekipita bila shida, na injini yangu ya dizeli ingeendelea kunguruma hata kama alternata ingekuwa dhaifu mno. Ubaya wake ni mkubwa kuliko huo. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiiondoa ghafla wakati alternata inazalisha, volti zinaruka juu mara kadhaa ya kawaida kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hiyo inatosha kuua daiodi, regyuleta, redio, na kwenye gari la kisasa kompyuta yenyewe. Mtu akinyoosha mkono kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie.

Sasa kuhusu geji yenyewe, kwa anayetaka kufunga. Geji yangu mwanzoni ilikuwa imeungwa kwenye waya wa swichi ya ufunguo, kama nyingi zinavyofungwa, na ilikuwa ikisoma pungufu. Swichi ya gari la miaka 30 na viungo vyake hupoteza nusu volti kwa urahisi, na inapoteza zaidi mizigo mingi ikiwashwa. Hivyo hivyo na zile za kidijitali za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Zinafaa, lakini kwanza zilinganishe na mita kwenye nguzo za betri, injini ikiwa imewashwa, bila mzigo na pamoja na mzigo. Andika tofauti kwenye karatasi. Ukijua kwamba geji yako inasoma 0.4 pungufu, 13.6 yake ni 14.0 yako.

Pia jua kushuka kulikokuwa kwa kawaida. Regyuleta nzuri hupunguza volti inapopata joto. Asubuhi ya baridi ya Julai mshale wangu unasimama 14.4, na baada ya saa moja kwenye foleni chini ya boneti yenye moto unashuka taratibu hadi 13.9 au 13.8. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Kabla injini haijawaka, hita plagi zikipasha, mshale unazama chini ya 12, na stata inapozunguka unaweza kugusa 10. Hiyo nayo ni kawaida. Kinachonishtua mimi ni mabadiliko: mahali palepale, saa ileile, mzigo uleule, lakini mshale umehama kutoka pale ulipokuwa mwezi uliopita.

Wenye magari mapya yaliyoingia kutoka Japani wasichukue namba zangu kama zilivyo. Mengi ya siku hizi yana kompyuta inayoiamuru alternata kupumzika gari likiwa kwenye mwendo na kuchaji kwa nguvu ukiachia mafuta. Kwenye gari kama hilo utaona 12.5, kisha 14.8, kisha 13, ndani ya dakika tano, na hakuna kilichoharibika. Hapo pima kwa kuwasha taa kubwa na feni: mengi yataacha kupumzika na kupanda kwenye 14.

Na usiitupe ile balbu kwa sababu umefunga geji. Kila asubuhi nafungua ufunguo na kusubiri niione ikiwaka kabla ya kuwasha injini. Ikiungua, alternata ya aina yangu inakosa ule umeme mdogo wa kuiamsha, na inaweza kulala hadi uikanyage injini kwa nguvu. Mshale utakaa 12.4 dakika kumi za kwanza, halafu uruke hadi 14 ghafla ukipanda mlima. Nimeliona hilo kwenye gari la jirani yangu, ambaye tayari alikuwa anatafuta alternata nyingine, na tiba ilikuwa balbu ya bei ya chai.

Mzee aliponirudishia gari, tulipima pamoja. Mizunguko 1,500, taa kubwa, waipa, feni, mguu kwenye breki: 14.0 kwenye nguzo za betri. Mrukoruko ulikuwa 0.1. Mluzi wa redio ulikuwa umekwisha. Betri haikujaa siku hiyo wala iliyofuata. Alternata inachukua muda mrefu kuinua betri iliyoshuka nusu, kwa hiyo niliiacha kwenye chaja usiku kucha, na asubuhi ilisoma 12.7.

Jumamosi hiyo nilivuta waya mpya wa geji moja kwa moja kutoka kwenye nguzo chanya ya betri, wenye fiuzi ya ampea 3 karibu na betri na relei ndogo inayofungwa na ufunguo ili geji isinyonye usiku. Sasa mshale na mita yangu vinapishana kwa 0.1. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tena, foleni ikaanzia palepale Nyayo, na nilipofika Bellevue nikiwa nimewasha kila kitu mshale ulikuwa 13.7. Kwa alternata ya ampea 65, injini inanguruma polepole, na mguu kwenye breki, hapo ndipo unapotakiwa kuwa.